Kigaga Kisichopona Kwenye Sikio la Paka Mweupe

Paka wetu anaitwa Pamba. Ni mweupe mwili mzima isipokuwa baka moja jeusi lililofunika sikio lake la kushoto na kushuka hadi juu ya jicho. Nalitaja baka hilo mapema kwa sababu ndilo lililonifahamisha, kuliko maelezo yoyote, ni kitu gani kilichokuwa kikimla. Sikio lake la kulia, lile jeupe, leo limebaki nusu. La kushoto halijawahi kuota hata kipele. Masikio mawili ya paka mmoja, chini ya jua moja, kwenye kibaraza kimoja.

Tunakaa Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja, nyumba ya tatu kutoka ufukweni. Anayeujua ufukwe huo anajua mchanga wake ulivyo mweupe. Saa sita mchana huwezi kuutazama bila kufinya macho. Paka hapendi kulala kwenye mchanga wenye moto, lakini Pamba alikuwa na mahali pake: ukingo wa kibaraza cha saruji, tulipopaka chokaa, ambapo upepo wa bahari unapita. Asubuhi alijilaza hapo baada ya kula, na mara nyingi adhuhuri ilimkuta hapo hapo. Upepo unapoza manyoya, kwa hiyo mnyama hahisi kama anaungua. Mionzi inayounguza ngozi, ile ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, haipozwi na upepo, na mawingu mepesi hayaizuii. Inashuka kutoka juu, na nyingine inarudi kutoka kwenye mchanga na chokaa.

Msimu mmoja wa kaskazi niliona ukingo wa sikio la kulia umekuwa mwekundu. Manyoya ya pale nchani yalikuwa yamepungua, ngozi inaonekana, na ukipitisha kidole unahisi ukavu, magamba madogo kama ya ngozi iliyokaukiwa. Hakuwa akijikuna. Hilo la kutojikuna nalisisitiza, kwa sababu kila aliyemwona alisema ni utitiri wa masikio. Paka mwenye utitiri hujikuna mpaka anatoa damu, na ukitazama ndani ya tundu la sikio unakuta uchafu mweusi kama machicha ya kahawa. Tundu la sikio la Pamba lilikuwa safi. Tatizo lilikuwa nje, ukingoni, mahali pembamba palipo na manyoya machache.

Kipupwe kilipoingia wekundu ukapungua, na sote nyumbani tukaona mambo yameisha. Kaskazi iliyofuata ulirudi, na safari hii ukingo ulianza kujikunja kidogo kwa ndani. Kikatokea kigaga cheusi, kidogo kuliko punje ya mchele. Kikaanguka, pakatoka damu tone moja, pakapona. Baada ya muda kikarudi pale pale. Kaka yangu, ambaye ni mvuvi na anawajua paka wote wa diko, alisema ni jeraha la kupigana. Ilikuwa rahisi kumwamini, maana Pamba ni dume na ugomvi haumpiti. Lakini jeraha la kucha linapona moja kwa moja, na ukipata jingine linakuwa mahali pengine. Kigaga hiki kilikuwa na anwani yake. Kilipona na kurudi mahali pamoja, na kila kiliporudi kilikuwa kipana kidogo na chini yake ngozi imekuwa ngumu zaidi.

Majirani walinishauri kwa nia njema, na mengi ya mashauri hayo nayaandika ili msiyafuate. Mafuta ya nazi hayana ubaya wowote mkubwa, ila hayatibu kitu, na yanafanya kigaga kilainike kionekane kimepona. Manjano vivyo hivyo. Mama mmoja aliniletea krimu ya watoto ya upele wa nepi. Krimu nyingi za aina hiyo zina zinki, na paka hulamba kila unachompaka. Zinki ikimwingia tumboni kwa wingi huharibu chembe nyekundu za damu. La hatari kuliko yote lilikuwa shauri la kumpa nusu ya kidonge cha panadol ili maumivu yapungue. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli kama letu. Nusu ya kidonge cha mtu mzima inatosha kumuua paka, na aspirini nayo si ya kumpa bila daktari.

Hatimaye nikampeleka mjini kwa daktari wa mifugo. Kumsafirisha paka kwenye daladala kutoka Jambiani ni kazi. Nilimtia kwenye kapu la ukili lenye mfuniko, nikalifunga kanga juu, na nikapanda gari ya alfajiri kabla ya joto. Nilidhani nitapewa dawa ya kupaka nirudi nyumbani.

Daktari alimgeuza kichwa upande wa dirisha akayatazama masikio yote mawili kwa muda mrefu, kisha pua. Akaniuliza maswali ambayo sikuyatarajia: analala wapi mchana, kibaraza kinaelekea wapi, kigaga kilianza msimu gani, kinapungua lini. Akakwaruza ngozi kwa wembe akaitazama kwenye hadubini, hakukuta utitiri. Akaeleza kwamba kuna paka wanaodhurika kwa kung'atwa na mbu, nao hupata vipele puani na masikioni, lakini hao huwashwa sana, na mbu hachagui sikio jeupe akaliacha jeusi. Hapo ndipo aliponionyesha baka.

"Mama, tazama," akasema. "Hapa ana rangi, hapa hana. Sikio lenye rangi limejikinga lenyewe."

Rangi anayoisema ni melanini, ile ile inayofanya ngozi yetu iwe nyeusi. Inanyonya mionzi kabla haijafika kwenye kiini cha seli. Manyoya meupe ya paka yanasaidia mgongoni kwa sababu ni mengi, lakini ncha za masikio, pua na kope zina manyoya haba au hazina kabisa, na kama chini yake ngozi ni ya waridi, hakuna kinga. Kila siku ya jua inaharibu seli kidogo. Nyingi zinajirekebisha, nyingine zinabaki na hitilafu, na madhara yanajikusanya mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana ugonjwa huu huwapata zaidi paka waliokwisha kuwa watu wazima. Pamba alikuwa amepindukia miaka minane. Na sisi hapa Unguja tuko kwenye digrii 6 kusini ya ikweta. Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana linapita utosini kabisa, kivuli cha mtu kinakuwa chini ya miguu yake. Hakuna mwezi hapa ambao jua la adhuhuri ni dogo.

Aliniambia kuna hatua. Ya kwanza ni kuungua tu: wekundu, magamba, manyoya kupungua. Hapo ukimwondoa juani ngozi inaweza kutulia. Ya pili ngozi inakuwa nene, inaota vigaga vigumu. Seli zimeshabadilika lakini bado ziko juu juu. Ya tatu ni saratani yenyewe, ile ya seli bapa za ngozi, inayochimba kwenda chini. Kidonda hakifungi, ukingo wa sikio unaliwa, unapata pengo. Kwa macho hatua ya pili na ya tatu zinafanana sana, na hata yeye hakutaka kuapa kwa kutazama. Akasema njia ya kujua ni kukata kipande na kukipeleka maabara, na kwa sikio ni afadhali kukata sehemu yote mbovu kwa mara moja, ukapata tiba na majibu kwa pamoja.

Hapo niligoma. Kumkata paka sikio niliona ni kama kumharibu. Alinipa muda, akaniambia jambo lililonifanya nirudi: saratani hii inakaa mahali pake kwa muda mrefu kabla ya kusafiri. Inakula palipo, polepole, ndipo baadaye inaingia kwenye tezi chini ya taya na mwishowe mapafuni. Alizipapasa tezi za Pamba, zilikuwa ndogo na laini. Sikio ni mahali pa bahati, kwa sababu unaweza kuondoa kipande kikubwa chenye afya pamoja na kibovu, na paka anaendelea kusikia, kwa kuwa chombo cha kusikia kimo ndani ya kichwa. Pua haina nafasi hiyo.

Hilo la pua nilikuja kuliona kwa macho yangu. Kule diko kuna dume mzee mweupe ambaye wavuvi walikuwa wakimtupia dagaa. Pua yake ilianza na kigaga, watu wakasema amechomwa na mwiba wa samaki. Nilipokwenda kumtazama baada ya yaliyonikuta, upande mmoja wa tundu la pua ulikuwa umeshaliwa, nyama nyekundu iko wazi, anapumua kwa sauti. Alikuwa amekonda sana. Paka asiyenusa chakula hakili, hata ukimwekea mdomoni. Daktari alipompapasa chini ya taya tezi moja ilikuwa kubwa na ngumu. Alisema kuna nchi ambako wangemkata pua yote au kumtibu kwa mionzi, na kwa paka ambaye tezi imeshavimba hata huko matumaini ni madogo. Alimchoma sindano ya kumlaza asiamke. Kaka yangu ndiye aliyemshika.

Basi Pamba akakatwa. Nieleze ilivyokuwa, maana sikupata wa kunieleza kabla. Usiku wa kuamkia operesheni hakupewa chakula, maji aliachiwa mpaka asubuhi. Alilazwa kwa dawa ya usingizi. Daktari hakukata penye kigaga. Alishuka chini yake kiasi cha sentimita moja ndani ya ngozi iliyoonekana nzima, kwa sababu ugonjwa unatangulia mbele ya kile unachokiona. Kisha akaivuta ngozi juu ya gegedu akashona, gegedu lisibaki wazi. Kipande kilichokatwa kilitiwa kwenye kichupa chenye fomalini, maji mengi kuliko nyama mara kumi, kikapelekwa bara, kwenye maabara ya mifugo Morogoro. Ukiona kipande kinatupwa kwenye ndoo, omba kihifadhiwe. Pesa ya maabara inauma baada ya kulipia operesheni, lakini bila karatasi ile hutajua kama pamekatwa pa kutosha.

Kuhusu pesa nitasema wazi. Operesheni, dawa, nauli za kwenda na kurudi na maabara zilikula akiba niliyokuwa nimeiweka kwa mabati ya jiko. Mume wangu hakufurahi, na sikumlaumu. Kama tungekwenda msimu wa kwanza, wakati sikio ni jekundu tu, tungelipia ushauri na dawa ya kupaka.

Siku za kupona ndizo zilizonichosha. Paka aliyekatwa sikio anatikisa kichwa, na kila akitikisa damu inaruka ukutani; kidogo kidogo ni kawaida, ikichuruzika bila kukoma mrudishe. Anavalishwa kola ya plastiki shingoni asijikune nyuzi, nayo inamfanya agonge kila mlango. Hapa kwetu adui mkubwa ni inzi. Inzi akitua kwenye kidonda kibichi anataga, na baada ya siku chache una mabuu. Nilimfungia chumba cha ndani, nikataka kumfunika kwa chandarua cha kitandani. Bahati nzuri nilipiga simu kuuliza kwanza. Vyandarua vingi vya hapa vimetiwa dawa ya kuua mbu, na permethrini, ambayo ni mojawapo ya dawa hizo, ni sumu kwa paka. Nikaweka wavu wa kawaida wa kufunikia chakula dirishani. Dawa ya maumivu aliyoandikiwa ilikuwa ya maji, matone kwa uzito wake, na nilionywa nisizidishe hata siku nilipomwona ananung'unika. Nyuzi zilitolewa wiki ya pili.

Majibu yalirudi: saratani ya seli bapa, imeanza kuchimba, lakini kingo za kipande ni safi. Maana yake, pale kilipokatwa hapakuwa na seli mbovu. Daktari alifurahi kuliko mimi, kwa sababu mimi nilishikwa na lile neno saratani nikaacha kusikia yaliyofuata. Nikamwomba anirudie polepole. Kingo safi ni habari njema sana kwa lile sikio. Hazisemi lolote kuhusu pua, ambayo imekula jua miaka ile ile.

Tangu hapo maisha ya Pamba yamebadilika, na ya kwetu pia. Kumzuia paka wa Jambiani asitoke nje si jambo linalowezekana siku nzima, na nyumba ya joto bila upepo ni adhabu nyingine. Kwa hiyo tumeshughulika na saa. Kuanzia kama saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni ndio muda mbaya, kilele chake saa sita na nusu. Zamani tulimlisha alfajiri na jioni, akishiba asubuhi anakwenda kibarazani. Sasa asubuhi anapata kidogo tu, chakula chenyewe anapewa saa nne kasoro, ndani, na mlango unafungwa akiwa anakula. Akishiba analala pale pale chumbani, ambako tumemwekea mkeka mahali penye upepo wa dirisha la kaskazini. Alihangaika mwanzoni akikwaruza mlango, kisha tumbo lake likazoea ratiba. Siku anayotoroka, anakuta ukingo wake wa kibaraza umefunikwa kwa upenu wa makuti tulioushusha chini. Kivuli hakimalizi kila kitu, maana mchanga unarudisha mionzi hata chini ya upenu, lakini kinapunguza sana.

Mafuta ya kujikinga na jua nimeyatumia na nina la kusema. Yale yanayouzwa kwa wageni kwenye maduka ya ufukweni mengi yana zinki au salisileti, ambayo ni jamaa ya aspirini. Soma nyuma ya chupa. Daktari aliniagizia yenye titani dayoksaidi, isiyo na zinki, salisileti wala manukato. Napaka ukingo wa sikio kwa ncha ya kidole, safu nyembamba, wakati anakula, kisha namshughulisha kwa dakika kumi ili yakauke. Sikioni yanakaa. Puani hayakai hata dakika moja. Paka analamba pua yake kabla hujafunga chupa. Kwa pua kinga pekee ninayoiamini ni kivuli.

Kila Ijumaa binti yangu anampiga picha mbili kwa simu, sikio lililobaki na pua, mahali pamoja penye mwanga mmoja, kibao cha kupimia cha skuli kikiwa pembeni. Macho yanasahau, ukimwona paka kila siku huoni kinachokua. Picha za miezi zikiwekwa pamoja zinasema kweli. Kisha mimi nampapasa chini ya taya, kulia na kushoto. Kanuni tuliyopewa ni nyepesi: kigaga chochote puani, sikioni au kwenye kope kikipita wiki tatu bila kupona, au kikipona kikarudi mahali pale pale, arudishwe mjini. Hatusubiri kione msimu mwingine.

Kaskazi hii pua imekuwa nyekundu, na juu ya tundu la kushoto kuna gamba dogo jembamba. Daktari ameliona. Bado liko juu juu, amesema, na kama kivuli hakitalituliza atachukua kipande kidogo kwa ajili ya maabara kabla ya kuamua. Vidonda vidogo vya puani vinaweza kugandishwa kwa naitrojeni ya maji, ambayo inaua seli za juu bila kukata, ila inafaa tu kama ugonjwa haujachimba, na kwa hilo huenda tukalazimika kuvuka bahari. Nimeshaanza kuweka pesa upya. Mabati ya jiko yatangoja.